Kujitoa, lakini hadi lini?

Karatasi nyingi za maelezo ya utafiti huandika "unaweza kujitoa wakati wowote", kisha basi. Haitoshi. Kuacha mahojiano katikati ni jambo moja, kufutiwa yale uliyokwisha kusema ni jingine. Majina yakishaondolewa, ninyi watafiti hamwezi tena kujua majibu yapi ni ya nani. Mwambie mhojiwa waziwazi: "Unaweza kuacha sasa hivi bila kutoa sababu. Ukitaka tufute majibu yako, tupigie namba hii ndani ya siku 14. Baada ya hapo tutakuwa tumeondoa jina lako, na hatutaweza kuyatambua." Kisha muulize: "Ukibadili mawazo wiki ijayo, utafanyaje?" Akisitasita, mweleze upya kabla hajatia sahihi.