Riba ikipanda pointi moja, hatifungani yako inapoteza shilingi ngapi?

Mhazini wa chama kimoja cha kina mama hapa Donholm alinijia na karatasi mkononi. Chama chake kina hatifungani ya serikali ya shilingi milioni moja, kuponi asilimia 12, ambayo imebakiza miaka 20. "Mwanangu," akaniuliza, "kuponi zinaingia kila nusu mwaka bila kukosa. Mbona dalali ananiambia nikiuza leo hata laki tisa sipati?"

Kuponi yake haibadiliki, lakini soko limebadilika. Ikiwa leo mtu anaweza kupata asilimia 14 kwingineko, hawezi kutoa milioni nzima kwa karatasi inayolipa 12. Atateremsha bei mpaka naye apate 14 yake. Hilo mama alilielewa upesi. Swali gumu ni la pili: riba ikipanda tena pointi moja, bei itateremka kwa kiasi gani? Kipimo cha kujibu hilo madalali hukiita dyuresheni. Mimi nitakiita muda wa wastani, kwa sababu ndivyo kilivyo: wastani wa muda unaosubiri pesa zako, kila malipo yakipewa uzito kulingana na thamani yake ya leo. Mchumi Frederick Macaulay ndiye aliyekieleza mwaka 1938.

Tutaanza na hatifungani fupi, ya miaka 3, ili hesabu ienee kwenye ukurasa mmoja. Namba nimezifanya nyepesi makusudi.

Hatua ya 1: Tafuta namba tatu

Unahitaji kuponi, muda uliobaki, na riba ambayo soko linadai leo. Hii ya tatu ndiyo wengi hukosea, wakaweka kuponi mahali pake. Itafute kwenye orodha ya biashara ya hatifungani ya Soko la Hisa la Nairobi, na uangalie tarehe. Kuna hatifungani zinazokaa siku kadhaa bila mtu kuzigusa, kwa hiyo riba unayoiona inaweza kuwa ya wiki iliyopita.

Mfano wetu: kuponi asilimia 12, miaka 3, riba ya soko 14. Kwa kuwa malipo ni mara mbili kwa mwaka, gawa kuponi na riba kwa mbili, na miaka izidishe kwa mbili. Kwa kila shilingi 100 unalipwa 6 kila nusu mwaka, mara sita, na riba ya nusu mwaka ni asilimia 7.

Hatua ya 2: Leta kila malipo kwenye thamani ya leo

Malipo ya kwanza yagawe kwa 1.07 mara moja, ya pili mara mbili, na kuendelea hivyo. Ya mwisho ni 106, kwa sababu mtaji unarudi pamoja na kuponi. Kisha zidisha kila thamani ya leo kwa nambari ya malipo yake.

| Malipo | Kiasi | Thamani ya leo | Ikizidishwa kwa nambari |
|---|---|---|---|
| 1 | 6 | 5.61 | 5.61 |
| 2 | 6 | 5.24 | 10.48 |
| 3 | 6 | 4.90 | 14.69 |
| 4 | 6 | 4.58 | 18.31 |
| 5 | 6 | 4.28 | 21.39 |
| 6 | 106 | 70.63 | 423.79 |
| Jumla | | 95.23 | 494.27 |

Jumla ya safu ya tatu, 95.23, ndiyo bei. Ikiwa kuponi iko chini ya riba ya soko na umepata bei inayozidi 100, umekosea mahali. Rudi kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 3: Pata wastani, kisha uurekebishe

Gawa 494.27 kwa 95.23, upate nusu-miaka 5.19, yaani miaka 2.60. Haifiki 3 kwa sababu kuponi zinakurudishia sehemu ya pesa mapema.

Sasa gawa 2.60 kwa 1.07. Unapata 2.43, na hii ndiyo namba ya kazi. Inasema hivi: riba ya soko ikipanda pointi moja, bei itashuka kwa takriban asilimia 2.43. Wengi husahau ugawaji huu wa mwisho na kutangaza hasara kubwa kuliko ilivyo.

Tuipime. Nimepiga hesabu ya bei upya kwa riba ya 15, nikapata 92.96. Huo ni mteremko wa asilimia 2.39. Tofauti na makisio ni ndogo mno kumkosesha mtu usingizi.

Ukitumia lahajedwali, fomula ni hii:

```
=MDURATION(DATE(2025,1,15),DATE(2028,1,15),0.12,0.14,2)
```

Hiyo 2 ya mwisho ni idadi ya malipo kwa mwaka. Ukiweka 1 utapata jibu linaloonekana sawa lakini si lako. Jambo moja la kwetu: kuponi za serikali ya Kenya huhesabiwa kila siku 182, na mwaka wa hatifungani ni siku 364, ilhali lahajedwali linarudi nyuma miezi sita ya kalenda. Kwa hatifungani ndefu tarehe zinapishana kidogo. Nikitaka uhakika, natumia jedwali la mkono.

Hatua ya 4: Sasa ile ya mama

Jedwali ni lile lile, ila lina mistari 40. Bei inatoka 86.67, ndiyo maana laki tisa hazifiki. Muda wa wastani ni miaka 7.27, na ukirekebishwa ni 6.80.

Hapa mama aliguna. Alidhani ya miaka 20 itakuwa na hatari karibu mara saba ya ile ya miaka 3. Ni mara tatu tu, maana kwa riba za juu kama zetu, malipo ya miaka ya mbali yana thamani ndogo sana leo, na kuponi nono za mwanzo zinavuta wastani karibu. Hatifungani ya miaka 20 yenye kuponi ndogo, katika nchi ya riba ndogo, ingekuwa na muda mrefu zaidi.

Hatua ya 5: Jua inapokudanganya

Kipimo hiki ni mstari ulionyooka, ilhali bei inapita kwenye mkunjo. Kwa pointi moja huoni tofauti kubwa, kwa nne unaiona. Riba ikitoka 14 hadi 18, makisio kwa hatifungani ya mama ni hasara ya asilimia 27.2, lakini bei halisi inashuka 21.9. Ikitoka 14 hadi 10, makisio ni faida ya 27.2, halisi ni 35.2. Kosa linaangukia upande wako mara zote mbili, lakini ni kosa. Ukiona mabadiliko yanapita pointi mbili hivi, acha mkato na uhesabu bei upya.

Angalia pia masharti ya hatifungani za miundombinu. Nyingine hurudisha sehemu ya mtaji kabla ya mwisho, na ukijaza jedwali kana kwamba wote unarudi siku ya mwisho, muda utatoka mrefu kuliko ulivyo.

"Kwa hiyo tuuze?" mama akauliza. Nikamuuliza pesa wanazihitaji lini. Nusu ni ya kiwanja, baada ya miaka kama mitatu. Nusu nyingine haina haraka. Basi tukapiga hesabu ya kuuza nusu na kununua ile ya miaka 3. Muda wa mfuko mzima ni wastani wa 2.43 na 6.80, yaani 4.61. Leo mfuko wao una thamani ya shilingi 866,683. Wakikaa walivyo, pointi moja juu inawashusha kama 59,000 kwa makisio. Wakigawa, kama 40,000. Karatasi hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye mkutano wa Jumapili.