Marejeo mengi ndani ya mabano moja: ya alfabeti au ya miaka?

Somo hili linamhusu anayeandika kwa mtindo wa jina na mwaka, na sentensi yake moja ina kazi nne, tano au sita za kutajwa pamoja. Kutenganisha rejeo na rejeo kwa nukta mkato wengi wanajua. Kinachorudishwa na wasimamizi ni mpangilio: nani atangulie?

Tutumie kazi sita za mfano, majina yakiwa ya kubuni. Ziko hivi katika orodha ya marejeo, ambayo imepangwa kwa alfabeti:

Bakari (2018)
Bakari na Lema (2011)
Hamisi (2005)
Komba (2014)
Komba (2020)
Mushi (1998)

Hatua ya 1: Jua mwongozo wako unataka nini

APA, toleo la 7, haina mjadala: ndani ya mabano fuata alfabeti, yaani mfuatano uleule wa orodha ya marejeo. CSE, inayotumiwa sana na watu wa sayansi, inataka miaka, kazi ya zamani kwanza, na zikilingana mwaka ndipo alfabeti iamue. Chicago inakuachia uhuru: unaweza kufuata uzito wa kila kazi kwa hoja yako, au alfabeti, au miaka.

Harvard ndiyo inayosumbua, kwa sababu haina kitabu kimoja kinachoitawala. Kila chuo na kila jarida lina Harvard yake. Nyingi zinataka miaka, nyingine alfabeti, na nyingine zinakubali yoyote mradi usibadilishe katikati ya safari. Kwa hiyo mtu akikuambia “Harvard ni miaka”, muulize Harvard ya wapi. Mwongozo usiposema chochote, fungua makala mbili tatu za jarida husika na utazame mabano yenye marejeo matatu au zaidi. Yenye marejeo mawili yanaweza kukudanganya, maana Bakari wa 2005 na Mushi wa 2018 wanakaa vilevile kwa mpango wowote.

Hatua ya 2: Kama ni alfabeti, nakili mfuatano wa orodha

Usianze kupanga upya kichwani. Shuka na orodha kutoka juu hadi chini, ukiokota kazi unazozihitaji:

(Bakari, 2018; Bakari na Lema, 2011; Hamisi, 2005; Komba, 2014, 2020; Mushi, 1998)

Komba ametajwa jina mara moja, miaka yake ikatenganishwa kwa mkato, ya zamani ikitangulia. Kwa mwandishi yuleyule, hata mpango wa alfabeti unafuata miaka.

Sasa tazama Bakari. Kazi yake ya 2018 imetangulia ile ya Bakari na Lema ya 2011, na hapo ndipo kalamu nyekundu hukosea mara nyingi. Msomaji anaona 2018 kabla ya 2011, jina la mbele ni lilelile, anaona kosa. Si kosa. “Bakari” peke yake na “Bakari na Lema” ni waandishi wawili tofauti kwa macho ya orodha, na anayeandika peke yake hutangulia anayeandika na wenzake, hata kama kazi ya pamoja ni ya zamani zaidi. Miaka inaingia kuamua pale tu majina yote yanapolingana, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Kukagua ni rahisi. Weka kidole juu ya orodha ya marejeo, kisha soma mabano yako. Kidole kikishuka tu, uko sawa. Kikilazimika kupanda hata mara moja, kuna kitu kimekaa pasipo mahali pake, ama katika mabano ama katika orodha yenyewe.

Hatua ya 3: Kama ni miaka, achana na orodha

Kwa CSE na Harvard nyingi, orodha ya mwisho inabaki ya alfabeti ilhali mabano yanafuata miaka. Wengi wanadhani lazima vifanane, kisha wanaharibu orodha nzima kwa kuipanga kwa miaka. Usifanye hivyo. Orodha ni ya kumtafutia msomaji jina. Mabano ya miaka yanamwonyesha hoja ilianza kwa nani na imefika wapi. Kazi zilezile sita zinakuwa hivi:

(Mushi, 1998; Hamisi, 2005; Bakari na Lema, 2011; Komba, 2014; Bakari, 2018; Komba, 2020)

Komba ametajwa mara mbili kwa sababu Bakari ameingia katikati. Miongozo mingine hairuhusu hilo, inataka kazi za mtu mmoja zikae pamoja mahali pa ile ya zamani:

(Mushi, 1998; Hamisi, 2005; Bakari na Lema, 2011; Komba, 2014, 2020; Bakari, 2018)

Hapa 2020 imetangulia 2018, na ni sahihi kwa kanuni hiyo. Mimi napendelea namna ya kwanza, kwa sababu anayechagua miaka anataka miaka ionekane ikipanda. Ila mwongozo ukisema kazi zikusanywe, kusanya.

Kukagua, ziba majina usome miaka peke yake. Na mwongozo ukisema “kwa miaka” bila maelezo zaidi, anza na ya zamani.

Hatua ya 4: Herufi a na b ziache hadi mwisho

Tuseme umepata kazi nyingine ya Komba ya 2014. Ile ya kwanza kichwa chake kinaanza na U, hii mpya kinaanza na M. Kwa APA, zote zikiwa na mwaka tu bila mwezi wala siku, herufi zinatokana na mfuatano wa vichwa katika orodha. Kwa hiyo iliyoingia jana inakuwa 2014a, na ile uliyoitaja tangu sura ya kwanza inageuka 2014b. Kila mahali ulipoandika “Komba, 2014” sasa panahitaji herufi. Ukisahau mahali pamoja tu, msomaji hajui ni ipi.

Matokeo yake, 2014b inaweza kuonekana ukurasa wa 3 na 2014a ukurasa wa 40. Hakuna ubaya. Baadhi ya miongozo ya Harvard hutoa herufi kwa kufuata kazi iliyotajwa kwanza katika andiko, basi huko mambo yanageuka. Kwa vyovyote, herufi ya ndani ya mabano lazima iwe ileile ya kwenye orodha, na kazi zikitajwa pamoja a hutangulia b: (Komba, 2014a, 2014b).

Hatua ya 5: Programu

Zotero na zenzake hupanga zenyewe kulingana na faili la mtindo lenye kiishio `.csl`. Mtindo wa miaka una sehemu kama hii:

```xml
<citation>
  <sort>
    <key variable="issued"/>
    <key macro="author"/>
  </sort>
```

Ukiikuta mistari hiyo miwili ya `key` imepinduliwa, mwandishi juu na tarehe chini, mtindo wako ni wa alfabeti. Sehemu ya `<bibliography>` ina `<sort>` yake tofauti, ndiyo maana orodha haiguswi ukibadilisha mabano. Kumbuka pia kwamba programu hupanga marejeo yaliyoingizwa kwa pamoja tu. Ukiyaingiza moja moja utapata (Mushi, 1998)(Hamisi, 2005), na ukifuta mabano ya katikati kwa mkono, masahihisho yako yatapotea programu itakapojisasisha.

Maswali ya wanachama

Zuhura: Shikamoo mwalimu. Natumia APA. Nina (Komba na wenzake, 2021; Komba na wenzake, 2015), Zotero imepanga hivyo. Msimamizi kazungushia duara, anasema 2015 itangulie. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba Zuhura. Fungua orodha utazame majina yaliyofichwa na “na wenzake”. Kama ya 2021 ni Komba, Abdi na Lema, na ya 2015 ni Komba, Mushi na Saidi, basi Zotero iko sahihi: Abdi hutangulia Mushi, hivyo 2021 iko juu katika orodha na mabano yanaifuata. Ndiyo maana jina limerudiwa badala ya kuandikwa mara moja, hawa si kundi moja la waandishi. Majina yote yakiwa yaleyale, hapo msimamizi ana haki, na ingekuwa (Komba na wenzake, 2015, 2021). Mpelekee ukurasa wa orodha, ataona mwenyewe. Ila ukija kuandika kwa jarida, soma maelekezo yao upya. Baadhi ya majarida ya Springer hupanga kazi za waandishi zaidi ya wawili kwa jina la kwanza kisha mwaka, bila kujali wenza.

Rashidi: Mwalimu, hoja yangu inasimama juu ya Mushi 1998, wengine ni wa kuunga mkono tu. Alfabeti inamtupa mwisho kabisa. Hakuna njia?

Jibu: Ipo, hata ndani ya APA. Mtangulize, weka nukta mkato, andika “tazama pia”, kisha wengine kwa alfabeti yao: (Mushi, 1998; tazama pia Bakari, 2018; Hamisi, 2005). Wakuu wakiwa wawili, nao wajipange kwa alfabeti kabla ya “tazama pia”. Kwenye programu, zima upangaji wa kiotomatiki kwa rejeo hilo moja. Usipozima, “tazama pia” linasafiri na kazi uliyolibandika, na utalikuta limefungua mabano: (tazama pia Bakari, 2018; Hamisi, 2005; Mushi, 1998). Hapo Mushi naye amekuwa wa pembeni.

Neema: Mimi natumia mtindo wa miaka. Kitabu nilichosoma ni chapa ya 1999, lakini kilitoka kwanza 1962. Nikikiweka kwenye 1999 kinaonekana kimewafuata watu waliokisoma kabla!

Jibu: Dada Neema, umegusa udhaifu halisi wa mpango wa miaka. Mwaka wa kwenye mabano ni wa chapa uliyoishika mkononi, kwa sababu ndiyo yenye kurasa unazozinukuu. Miongozo kadhaa huruhusu miaka miwili. APA huandika 1962/1999. Mwongozo wako usipokuwa na njia hiyo, mtoe mwandishi huyo nje ya mabano. Andika katika sentensi kwamba hoja ilitolewa kwanza 1962, mtaje kwa chapa ya 1999, kisha wengine wafuate katika mabano yao. Usimsogeze mbele kimyakimya akiwa na 1999 yake, maana mhakiki atadhani hujui kupanga.

Rashidi: Na wa “bila tarehe” je?

Jibu: Kwa APA, kazi za mwandishi mmoja zikikutana, isiyo na tarehe hutangulia na iliyo mbioni kuchapishwa hukaa mwisho: (Hamisi, b.t., 2005, inachapishwa).