Kabla ya Kukata Bima Kubwa ya Gari Lililotumika Kutoka Japani

Anayepokea gari lake katika bandari ya Dar es Salaam huwa na bei tatu mkononi: aliyomlipa muuzaji wa Japani pamoja na usafirishaji, thamani ambayo TRA iliitumia kukokotoa kodi, na bei ambayo gari kama hilo linauzwa leo katika yadi za mjini. Bima kubwa inahusu hii ya tatu, kwa sababu gari likiibwa au kuteketea, hiyo ndiyo fedha itakayohitajika kupata jingine.

Wengi huandikisha bei ya Japani ili ada ipungue, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Tuchukue gari lenye thamani ya soko ya shilingi milioni 24, lililokatiwa bima ya milioni 12. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada kabla ya VAT ni 420,000 badala ya 840,000. Likigongwa na matengenezo yakagharimu milioni 6, kampuni inayotumia kipengele cha uwiano, kinachopunguza fidia kulingana na sehemu ya thamani iliyokatiwa bima, italipa nusu tu, yaani milioni 3, kisha itaondoa sehemu ambayo mkataba unamtaka mwenye gari aibebe mwenyewe. Kukuza thamani nako hakumfaidishi mtu, maana fidia haizidi thamani ya soko ya siku ya ajali. Kwa hiyo, ukiwa na shaka, omba ripoti ya mthamini anayekubaliwa na kampuni kabla ya kulipa, na umwoneshe vifaa ulivyoongeza, kama vile redio au rimu, ili viandikwe.

Kuhusu nyaraka, andaa kadi ya gari, TIN na kitambulisho cha NIDA. Kwa gari lililoingia karibuni, kampuni inaweza pia kutaka ankara ya ununuzi, hati ya usafirishaji wa meli na nyaraka za forodha zinazothibitisha kwamba kodi imelipwa. Gari lenyewe hukaguliwa na kupigwa picha, na ni vyema nawe ubaki na nakala za picha hizo, kwani ndizo zitakazoonesha hali yake ya awali.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile iliyo katika kila karatasi, herufi kwa herufi. Kosa moja la uchapaji linaweza kuchelewesha madai. Aliyenunua kwenye yadi ahakikishe kadi imehamishiwa jina lake, kwa kuwa anayedai fidia hutakiwa kuonesha kwamba hasara ni yake. Baada ya kulipa, hakiki bima yako katika TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima nchini. Isipoonekana humo, mrudie wakala siku hiyo hiyo, kabla gari halijaingia barabarani.