Flashi ikigoma kufomatiwa kwenye Windows: isafishe kwa DiskPart, na ujue lini imekufa

Wiki iliyopita mwenye duka la stationery aliniletea flashi ya 32 GB. Kijana wake alikuwa ameitumia kuweka Ubuntu kwenye kompyuta ya dukani, na tangu siku hiyo Windows ikawa inaionyesha kama kidude cha MB chache tu chenye jina ESP. Alijaribu kuifomati mara tatu, na kila mara yakaja maneno yale yale: "Windows was unable to complete the format." Alishaamini imeungua. Haikuwa imeungua, na nilipomaliza aliondoka na nafasi yake yote. Nitaeleza nilivyofanya, kisha nieleze na flashi ambazo njia hii haiziponyi, kwa sababu watu hupoteza siku nzima wakizihangaikia.

Kwa nini Format ya kawaida inashindwa

Mwanzoni kabisa mwa flashi kuna jedwali dogo linalosema diski imegawanywa katika vipande vingapi, na kila kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi. Mafundi tunaviita vipande hivyo patisheni. Ukibofya Format kwenye This PC, Windows haigusi jedwali hilo. Inachukua patisheni moja, ile iliyopewa herufi kama E: au F:, na kujaribu kuiandika upya hiyo tu. Flashi iliyoandikiwa Ubuntu ina patisheni kubwa ya mfumo ambao Windows haiusomi, na pembeni yake kijipatisheni kidogo cha kuwashia kompyuta. Windows inakiona hicho kidogo. Hata Format ikikubali, utapata MB chache zile zile, maana mipaka haijabadilika.

Wengine hukimbilia Disk Management. Mara nyingi husaidia, lakini ukibofya kile kijipatisheni cha kuwashia, kinachoitwa patisheni ya EFI, utakuta Delete Volume imefifia na haibofyeki. Windows huilinda patisheni ya aina hiyo kwa sababu kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ukiifuta, mashine haiwaki tena. Kwa hiyo tunashuka kwenye DiskPart, ambayo ipo ndani ya Windows yenyewe na haihitaji kupakuliwa.

Hatua ya 1: Okoa vilivyomo

Kama kuna faili lolote linalofunguka, linakili sasa hivi. Amri tutakayotumia haina kurudi nyuma, na haikuulizi "una uhakika?".

Hatua ya 2: Itambue flashi yako kwa ukubwa na kwa jina

Chomoa flashi nyingine zote na diski za nje, ibaki hiyo moja. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kwenye kigawanya matundu ya USB. Andika `cmd` kwenye menyu ya Start, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Command Prompt, chagua Run as administrator. Kisha:

```
diskpart
list disk
```

Kwenye laptopu yangu ilitokea hivi:

```
  Disk ###  Status    Size     Free     Dyn  Gpt
  Disk 0    Online    238 GB      0 B         *
  Disk 1    Online     28 GB    22 GB         *
```

Disk 0 ndiyo diski ya ndani yenye Windows na kazi zangu zote. Disk 1 ndiyo flashi. Usishtuke kuona 28 badala ya 32: kiwandani GB moja huhesabiwa baiti bilioni moja, Windows huihesabu kwa baiti 1,073,741,824, na sehemu nyingine ya chipu huachwa akiba.

Hapa ndipo nawaomba watu wasiwe na haraka. Nimewahi kupokea laptopu ya mtu aliyechagua Disk 0 badala ya Disk 1, na sura yake alipouliza kuhusu picha za watoto wake sijaisahau. Kwa hiyo baada ya kuchagua, hakikisha tena:

```
select disk 1
detail disk
```

Mstari wa juu utaonyesha jina la flashi, na chini yake pawe na `Type : USB`. Ukiona neno lingine, SATA au NVMe kwa mfano, simama hapo hapo, hiyo siyo flashi. Bado una wasiwasi? Toka kwa `exit`, chomoa flashi, ingia upya na urudie `list disk`. Iliyotoweka ndiyo yako.

Hatua ya 3: Futa jedwali

```
clean
```

Ikikubali, ndani ya sekunde chache utasoma "DiskPart succeeded in cleaning the disk." Amri hii haifuti flashi nzima, inafuta taarifa za mgawanyo tu, ndiyo maana ni ya haraka. Ipo na `clean all`, inayoandika sifuri kila mahali. Kwa flashi ya 28 GB inayoandika 10 MB kwa sekunde, hesabu inakuja kama dakika 48. Mimi huitumia pale mteja anapotaka kumpa mtu mwingine flashi iliyokuwa na siri za ofisi. Kwa tatizo hili la leo haihitajiki.

Ikitokea "Access is denied", kwanza hakikisha ulifungua kama administrator. Kama ndivyo, huenda kuna programu imeishikilia flashi: dirisha la mafaili lililo wazi, au antivairasi inayoikagua. Funga madirisha, subiri kidogo, andika `clean` tena. Mara nyingi ya pili inapita. Ndivyo ilivyokuwa kwa flashi ya yule mama wa stationery.

Hatua ya 4: Unda patisheni moja na uifomati

```
create partition primary
format fs=fat32 label=KAZI quick
assign
exit
```

Nilichagua FAT32 kwa sababu yeye huchomeka flashi kwenye mashine ya fotokopi na kwenye redio ya gari, na vifaa vya aina hiyo vingi havielewi mfumo mwingine. Ubaya wake ni kwamba faili moja haliwezi kufika 4 GB. Kama unabeba filamu kubwa, andika `fs=exfat`. Flashi ikizidi 32 GB, dirisha la Format la Windows halikupi chaguo la FAT32. Hapo nenda kwenye Rufus.

Rufus ni programu ndogo ya bure, na wanaoijua wengi huitumia kutengeneza flashi ya kuwekea Windows tu. Lakini inafuta na kugawa upya pia: chagua flashi juu, kwenye Boot selection weka Non bootable, chagua File system, bonyeza START. Inafanya kazi ile ile ya hatua ya 3 na ya 4 kwa pamoja. Kwa mtu anayeogopa kuandika amri namshauri aanze na hii, maana kwa kawaida haikuonyeshi diski ya ndani ya kompyuta, hivyo kosa la kuchagua Disk 0 linakuwa gumu kutokea.

Flashi ikikataa hata clean

Sasa tunafika kwenye kundi la pili. Ukisoma "The media is write protected", tazama kwanza ubavuni mwa flashi au mwa adapta ya memori kadi kama kuna kiswichi cha kufunga. Hakipo? Rudi DiskPart, chagua diski yako, uandike:

```
attributes disk
```

Soma mistari miwili ya juu. Kama `Read-only` ni Yes, kufuli limewekwa na Windows, na linafunguka hivi:

```
attributes disk clear readonly
```

Lakini kama `Read-only` ni No na bado `Current Read-only State` ni Yes, kufuli halitokani na alama ile. Ijaribu flashi kwenye kompyuta nyingine. Ikikubali kule, tatizo ni kompyuta yako: fungua `regedit`, nenda `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies`, na kama kuna `WriteProtect` yenye 1, iweke 0 kisha uwashe kompyuta upya. Kwenye kompyuta ya ofisi muulize kwanza mtu wa IT, maana huenda waliifunga makusudi kuzuia watu kutoa mafaili.

Ikikataa kwenye kompyuta zote mbili, kontrola ya ndani ya flashi, yaani saketi inayosimamia kusoma na kuandika, ndiyo imejifunga. Kila flashi huwa na maeneo ya akiba ya kuchukua nafasi ya yale yanayochakaa. Akiba ikiisha, kontrola nyingi huruhusu kusoma tu na kukataa kuandika, ili angalau uweze kunakili ulivyonavyo. Hakuna programu ya kufomati inayofungua kufuli hilo. Nakili vilivyomo uinunue nyingine.

Kuna dalili nyingine ambayo huwadanganya hata mafundi. `clean` inasema imefanikiwa, unafomati, unaona nafasi yote, unafurahi. Ukichomoa na kuchomeka tena, patisheni za zamani na mafaili ya zamani yote yamerudi. Hapo kontrola inapokea maandishi bila kuyahifadhi kwenye chipu. Ni kifo kile kile. Na ukiona "Data error (cyclic redundancy check)" au "I/O device error", badilisha tundu la USB mara moja. Ikirudia, chipu ndiyo inayoharibika.

Kabla hujamrudishia mwenyewe

Flashi iliyopona huwa siirudishi bila kuijaza. Natumia H2testw, programu ya bure inayoandika data mpaka nafasi iishe, kisha inaisoma yote na kulinganisha. Ichukue flashi ikiwa tupu, bofya Write + Verify, uiache ifanye kazi. Kwa USB 2.0 unaweza kusubiri saa nzima au zaidi. Inachotafuta ni kitu ambacho Format ya haraka haiwezi kukiona: flashi bandia, ambazo kontrola yake imerekebishwa iseme ina 128 GB wakati chipu ni 8 GB. Hizo hufomatiwa vizuri kabisa, mpaka siku unapoweka faili la tisa la GB moja na kukuta halifunguki, au mengine ya zamani yameharibika.

Ya stationery ilimaliza na maneno "Test finished without errors." Nikafuta mafaili ya `.h2w` iliyoyaacha, nikamwonyesha kijana wake sehemu ya `detail disk` mara mbili, na mara ya pili aliisoma mwenyewe.