Sehemu ya tatu ya kuongea kwenye B2 First: dakika zile mnazoachiwa nyie wawili

Hapa Moshi wengi ninaofanya nao mazoezi ni waongoza watalii, Kiingereza kinawatoka vizuri tu, ila wakifika sehemu ya tatu ya mtihani wa Cambridge wanaharibu maana wamezoea kuongea peke yao huku wageni wanasikiliza. So twende nayo hatua kwa hatua.

Mtahini anawapa karatasi moja, swali liko katikati na mambo matano yamelizunguka, mnapewa sekunde 15 za kuangalia. Usihangaike kupanga yote matano, chagua moja la kuanzia basi.

Akishasema anzeni, geuka umwangalie mwenzako, sio yeye. Kuna mtahini wa pili pembeni, huyo haongei kabisa, anaweka maksi tu. Mna dakika 2.

Sasa tuseme swali ni mji ufanye nini upate wageni wengi, na mle ndani kuna usafi, chakula, mabasi, sherehe na makumbusho. Wengi wanafanya hivi: "Mimi naona usafi, wewe je?" "Mimi naona chakula, wewe je?" Hapo kila mtu anasoma risala yake, hakuna aliyemsikiliza mwenzie, na maksi za mawasiliano zinapotea hapo hapo. Kumkaribisha mtu ni kumuuliza kitu kinachotokana na alichosema: "Umetaja chakula, unadhani mgeni atakula barabarani kama pachafu?" Ona, umehamia kwenye usafi bila kukata maongezi.

Kukataa nako kuna namna yake. Ukimwambia hapana umekosea, umemfungia mlango. Kubali kipande, toa sababu, mrudishie: "Kweli sherehe zinaleta watu, ila ni siku mbili tatu tu kwa mwaka, mabasi mgeni anapanda kila siku, au unaonaje?"

Ukipewa mwenza asiyenyamaza (mimi nilimpata mmoja, nusu ya muda kaila yeye) usimkatize katikati ya neno, subiri avute pumzi udake neno lake la mwisho, "hiyo makumbusho uliyosema..." na unaendelea nalo. Akiwa mkimya muulize swali ambalo hawezi kujibu ndiyo au hapana, afu mpe nafasi ajibu, usimjibie. Na usiogope kwamba atakushusha, kila mmoja anapewa maksi zake.

Baada ya hapo mtahini anauliza swali jingine, mchague moja, mna dakika 1. Kwa hiyo zile mbili za mwanzo msikimbilie kuchagua, mtaishiwa maneno. Na kukubaliana sio lazima, mimi na mwenzangu tulikatishwa bado tunabishana mabasi na usafi, mtahini akasema asante akachukua karatasi yake.