Uso umekaa, shingo imekataa: kulinganisha ngozi kwenye picha ya harusi

Picha ilipigwa ukutani mwa Ngome ya Yesu, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala upande wa magharibi. Bibi harusi amesimama vizuri, shela limepeperuka, mkono umeshika maua kifuani. Tatizo moja tu: amefumba macho. Dakika kumi baadaye nilimpiga tena kivulini, macho wazi, tabasamu lenyewe. Akaniomba nitoe uso wa picha ya pili niuweke kwenye ya kwanza. Ni uso wake mwenyewe kwenye mwili wake mwenyewe, ungedhani ni kazi ya dakika tano.

Jaribio la kwanza nilikosea kama wengi tunavyokosea. Niliupaka uso rangi ya shingo mpaka zikalingana. Mama yake alipoiona akauliza, "Mwanangu alikuwa mgonjwa siku hiyo?" Alikuwa na haki. Uso ulikuwa na fandesheni, shingo haikuwa nayo. Hata kabla sijagusa kitu, uso ulikuwa mweupe kuliko shingo, na jicho la mtu limeshazoea hivyo. Nilipousawazisha na shingo niliutia weusi ambao haukuwapo.

Tangu hapo nalinganisha uso mpya na uso wa zamani, ule ninaotaka kuufunika. Uko kwenye mwanga uleule na shingo ile, na umepakwa poda ileile. Ndiye shahidi. Kwa hiyo usiufute. Uache kwenye leya ya chini.

Hatua ya 1: pima kabla ya kufunika. Natumia Photoshop. Chagua `Color Sampler Tool`, na juu weka `Sample Size` iwe `11 by 11 Average`, maana pikseli moja inaweza kuangukia kinyweleo au chunusi ikakudanganya. Weka alama mbili kwenye uso wa zamani: moja katikati ya shavu, pasipong'aa, nyingine sehemu yenye kivuli karibu na sikio. Soma namba kwenye `Info` uziandike. Kisha pima sehemu zilezile kwenye uso mpya. Shavu kwa shavu, kivuli kwa kivuli. Usipime pua wala paji linalong'aa: pale unasoma zaidi rangi ya mwanga kuliko ya ngozi.

Namba zangu zilikuwa hivi, kwa mpangilio wa nyekundu, kijani na buluu:

```
shavu:   zamani 176 128 98   mpya 164 128 114
kivuli:  zamani  92  60 44   mpya  98  74  68
```

Tazama buluu. Shavu la zamani lina 98, jipya lina 114. Kivulini uso ulikuwa unaangazwa na anga, na anga ni buluu. Kwenye jua la jioni uliangazwa na jua lenyewe na ukuta wa mawe ya matumbawe uliorudisha unjano. Tazama pia kivuli: cha uso mpya ni chepesi kuliko cha zamani, kwa sababu mwanga wa anga hutoka kila upande na kuufanya uso uwe bapa.

Hatua ya 2: rekebisha kila rangi peke yake. Weka leya ya `Curves` juu ya uso mpya, uibane kwa Alt+Ctrl+G ili isiguse kingine. Ndani yake chagua `Red`, bofya mstari, andika `Input` 164 na `Output` 176. Ongeza nukta ya pili: 98 iende 92. Kwenye `Green`, 128 ibaki 128, na 74 iende 60. Kwenye `Blue`, 114 iende 98, na 68 iende 44. Umemaliza rangi na ubapa kwa pamoja. Nukta moja ingetosha kwa shavu, lakini kivuli cha chini ya taya kingebaki na ubuluu, na hapo ndipo uso unapokutana na shingo.

Hatua ya 3: mshono uupitishe wapi. Si katikati ya shingo. Ngozi tupu haina pa kuficha mstari. Upitishe kwenye kivuli kilicho chini ya taya, kisha upande nyuma ya sikio hadi kwenye nywele. Kwenye maski ya uso tumia brashi laini, lakini ulaini usiwe mmoja kote. Ukingo wa taya ni mkali, hivyo brashi ndogo. Chini ya kidevu, mahali kivuli kinapoyeyuka, brashi pana mara kumi ya ile. Wanaotumia ulaini mmoja mzunguko mzima hupata uso wenye ukungu, kama picha ya kitambulisho iliyobandikwa kwa gundi.

Hatua ya 4: shingo na kifua. Baada ya hapo shingo bado ilikuwa nyeusi kuliko uso, kama ilivyokuwa mwanzo. Huo ni upungufu wa mpambaji, si wako, ila mteja akitaka uupunguze, usiifikishe shingo kwenye uso. Ikutane nao njiani. Weka `Curves` nyingine juu ya zote, iwe `Luminosity` ili usichezee rangi. Upande wa shingo unaopata mwanga ulikuwa na ung'avu wa kama 113, shavu 139. Niliipandisha hadi 124 tu. Maski iwe nyeupe kuanzia pale kivuli cha kidevu kinapoishia na ififie polepole hadi iishe kabla ya maua. Hapo ndipo wengi husahau mkono. Mkono ulio kifuani haukupakwa kitu, na ukipandisha kifua chote, vidole vitaonekana vya mtu mwingine. Masikio nayo yaingie ndani ya maski. Kivuli cha kidevu usikiguse kabisa, kikipotea kichwa kinaelea.

Hapa kwetu kuna hali ya kinyume pia. Anayevaa buibui na mtandio kila siku, shingo na kifua havijaonja jua, hivyo huwa vyeupe kuliko uso usio na poda. Usikimbilie kuvitia weusi kwa mazoea. Mwulize shahidi wako wa leya ya chini.

Hatua ya 5: chembechembe. Kivulini kamera ilipandisha ISO, na uso ukaja na chembe nyingi kuliko shingo. Zikipishana kinyume, uso ukiwa laini, tengeneza leya ya kijivu cha 50% kwa `Overlay`, ibane kwenye uso, weka `Add Noise` ya `Gaussian` na `Monochromatic`, anza na 2%. Kwangu ilikuwa uso ndio wenye chembe, nikaupunguzia kidogo kwa `Reduce Noise`. Linganisha kwenye ukubwa wa 100%, si zaidi.

Hatua ya 6: kujipima. Weka juu kabisa leya ya `Hue/Saturation` yenye `Saturation` +100. Picha itakuwa mbaya kama embe lililooza, lakini kama taya ni ya waridi na shingo ni ya chungwa, itakupigia kelele. Ifute, kisha ipunguze picha iwe ndogo kama dole gumba, maana wengi wataiona kwanza kwenye simu.

Kuna kisichorekebika. Kama jua lilitoka kulia kwenye picha ya kwanza na kushoto kwenye ya pili, kivuli cha pua kitaelekea kwingine na cha kidevu kwingine. Kuugeuza uso kama kwenye kioo hakusaidii, aliyemzaa atajua mara moja kwamba kipini kimehama pua. Hapo tafuta fremu nyingine. Mimi niliponea kwa kuwa mwanga wa kivulini hauna upande. Niliongeza `Curves` ndogo ya kung'arisha shavu la magharibi peke yake, na mama hakuuliza tena.