Somo: Kupanga fomu ya usajili ili mtu apate pa kuandika

Wakuu, fomu nyingi hupendeza kwenye skrini, lakini mtu akishika kalamu herufi zinapandana na barua pepe inaishia pambizoni. Leo tupange fomu ya karatasi ya A4 ya kujiandikisha kwenye mafunzo, ukurasa mmoja.

Hatua ya 1: Orodhesha maswali kabla ya kufungua Word

Anza na yale ambayo mtu anayo kichwani: jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa. Zifuate simu, barua pepe na anwani. Yanayomlazimu kutoa kitambulisho au cheti yakae pamoja, ili akitoe mara moja tu. Kisha kozi anayoitaka, na mwisho kabisa tamko, sahihi na tarehe. Kama majibu yataingizwa Excel, panga safu za Excel kwa mfuatano huohuo. Mwingizaji akirukaruka kutoka juu kwenda chini ya karatasi, ndipo namba za simu zinapoingia kwa watu wasio wao.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nafasi

A4 ni milimita 210 kwa 297. Acha milimita 25 kushoto kwa ajili ya matundu ya faili na 15 kulia. Unabaki na upana wa 170. Juu na chini acha 20 kila upande, ubaki na urefu wa 257. Kichwa cha fomu na maelekezo vikichukua 32, zinabaki 225. Mstari wa kuandikia kwa mkono naupa milimita 9, kwa hiyo unapata mistari 25. Maswali yako yakihitaji mistari 29, futa yasiyo na kazi au tumia upande wa pili. Kubana mistari hadi milimita 6 ni kumnyima mtu mahali pa kuandika.

Upana nao upimwe. Lebo ikichukua milimita 50, zinabaki 120. Herufi kubwa za mkono hula kama milimita 5 kila moja, yaani herufi 24 tu. Majina matatu kamili mara nyingi hayatoshi hapo, kwa hiyo jina nalipa mistari miwili: lebo juu, na chini yake upana wote wa 170.

Hatua ya 3: Tumia jedwali

Ingiza jedwali la safu wima mbili. Bofya kulia, nenda `Table Properties`, kisha `Row`, weka tiki kwenye `Specify height`, andika `0.9 cm` na uchague `Exactly`. Ondoa mipaka yote, ubakize wa chini kwenye seli za kuandikia.

Hatua ya 4: Visanduku vya tiki

Andika `2610` kisha bonyeza `Alt+X`, utapata ☐. Kikuze hadi fonti ya 16. Sasa angalia hapa:

```
Asubuhi ☐ Mchana ☐ Jioni ☐
☐ Asubuhi      ☐ Mchana      ☐ Jioni
```

Kwenye mstari wa kwanza, kisanduku kilicho kati ya Asubuhi na Mchana ni cha nani? Mjazaji atakisia, na wewe utakisia alichokisia. Kitangulie neno lake, kiwe karibu nalo, na nafasi pana ifuate kabla ya chaguo linalofuata. Andika pia "chagua kimoja" au "weka tiki kwenye yote yanayokuhusu". Makundi ya umri yasigongane: 18–25 na 25–35 yanamwacha mwenye miaka 25 njia panda. Weka 18–24 na 25–34.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nagonga alama ya _ mpaka mwisho wa mstari. Kuna ubaya?*
Upo. Ukibadilisha fonti, miisho hailingani tena. Na anayejaza kwa kompyuta, kila herufi anayoandika inausukuma mstari hadi unaangukia chini.

*Vipi visanduku vya herufi mojamoja kwa jina?*
Viweke kwenye vitu vyenye urefu unaojulikana, kama tarehe: viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka. Jina liache wazi. Visanduku vinamchelewesha mtu, na jina refu linakatwa.

*"Nyingineyo" iwe na kisanduku tu?*
Kisanduku pamoja na mstari wa kutaja, usiopungua milimita 60. Bila mstari utapokea tiki isiyokuambia kitu.

*Nimefuata vipimo vyote lakini karatasi imetoka na mistari midogo.*
Kwenye dirisha la kuchapa inawezekana umeacha `Fit`, inayopunguza ukurasa. Chagua `Actual size` au ukubwa wa 100%, chapa nakala moja na uipime kwa rula: mistari 10 iwe milimita 90. Ikipungua, usitoe nakala nyingine kwanza.